"To" mbili za Kiingereza, na sababu ya ujumbe kufungwa kwa "hearing"

*Mwalimu, shikamoo. Ninaandikia wateja wa nje ujumbe wa Kiingereza kwa niaba ya kikundi chetu cha wafuga nyuki hapa Tabora, na kila mara humalizia kwa "Looking forward to hear from you". Mteja mmoja alipojibu, yeye aliandika "hearing". Shuleni tulifundishwa kwamba baada ya "to" kitenzi hakiongezwi kitu. Nani yuko sahihi, na siku nyingine nitajuaje? Nimekuwekea hapa ujumbe mmoja niliokwisha kuutuma.*

Marahaba, binti. Mteja wako ameandika sawasawa, na kanuni uliyofundishwa shuleni nayo si ya uongo. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya "to" moja tu, ilhali Kiingereza kina "to" mbili ambazo huandikwa na kutamkwa kwa namna ileile, lakini kazi zake katika sentensi ni tofauti kabisa, na bahati mbaya "to" iliyomo katika maneno yako ya kufungia ujumbe ni ile ya pili, ambayo walimu wengi huipitia kwa haraka au hawaifikii kabisa.

"To" ya kwanza ni alama inayotangulia kitenzi. Ndiyo tunayoiona katika "I want to hear", "I hope to hear", "We decided to sell". Haina maana yake yenyewe; kazi yake ni kukitambulisha kitenzi ambacho hakijapewa mtenda wala wakati, na kitenzi hicho hubaki katika umbo lake la msingi. Kanuni ya shuleni inaihusu hii, na hapa haina ubishi: hakuna aandikaye "I want to hearing".

"To" ya pili ni kihusishi, yaani neno la jamii moja na "from", "for", "in", "without" na "before". Ndiyo iliyomo katika "The train goes to Mpanda" na "Give the bucket to the driver". Kihusishi huunganisha jambo na kitu fulani, kwa hiyo hakikamiliki mpaka kipate jina baada yake: Mpanda, dereva, ndoo, bei. Sasa yatazame maneno "look forward to" kipande kwa kipande. "Look" ni kutazama, "forward" ni mbele, na "to" huonyesha kile ambacho macho yameelekezwa kwacho. Kwa hiyo baada ya "to" hiyo panatakiwa jina la kitu kinachotazamiwa, na Mwingereza akiweka jina la kawaida hakuna tatizo lolote: "I look forward to your reply", "I look forward to the meeting", "I look forward to Friday".

Lakini mara nyingi kinachotazamiwa si kitu kama mkutano au Ijumaa, bali ni tendo: kupata habari, kukutana, kupokea mzigo. Hapo kitenzi hulazimika kuingia katika nafasi ya jina, na Kiingereza hakikubali kiingie hapo kikiwa katika umbo lake la msingi. Lazima kwanza kigeuzwe kitenzi-jina, na umbo la kitenzi-jina katika Kiingereza ni lile lenye "-ing" mwishoni. Ndiyo maana "hear" hugeuka "hearing", "meet" hugeuka "meeting", na "receive" hugeuka "receiving".

Hapa ndipo wanafunzi wangu wengi husita, kwa sababu umbo la "-ing" walilijua kwanza kwa kazi nyingine, ile ya kuonyesha tendo linaloendelea, kama katika "She is writing", anaandika sasa hivi. Wakiliona katika "looking forward to hearing" hudhani kwamba kusikia kumeshaanza, na kwa kuwa jibu halijafika, wanaona si haki kuliandika hivyo. Hofu hiyo iondoe. "-ing" ya kitenzi-jina haisemi lolote kuhusu wakati. Mtu anaweza kuandika "Thank you for coming yesterday", kuhusu jana, na "Call me before leaving tomorrow", kuhusu kesho, na umbo halibadiliki, kwa sababu linafanya kazi ya jina tu.

Swali lako la pili, la namna ya kujua siku nyingine, lina kipimo chepesi ambacho unaweza kukifanya kichwani kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Iache "to" mahali pake, kisha ondoa kitenzi kinachofuata na uweke neno "it" au jina lolote la kawaida. Sentensi ikisimama, "to" hiyo ni kihusishi, na kitenzi chako kinatakiwa kiwe na "-ing". Sentensi ikianguka, "to" hiyo ni alama ya kitenzi, na kitenzi kibaki kama kilivyo. "I look forward to it" inasimama. Kwa hiyo "I look forward to hearing". "I hope to it" inaanguka. Kwa hiyo "I hope to hear". "I would like to it" inaanguka. Kwa hiyo "I would like to hear". Jambo la kuzingatia ni kwamba "to" yenyewe isiondolewe wakati wa kupima, kwa maana wapo wanaopima kwa "I want it", wakaona inasimama, wakahitimisha kwamba "want" hudai "-ing". Hapo walichokipima ni sentensi nyingine.

Kipimo hiki kina mpaka wake, na ni haki yako kuujua kwa sababu katika biashara utakutana nao. Kuna vitenzi vichache vinavyokubali "to" zote mbili, na "agree" ndicho utakachokitumia zaidi. "We agree to your price" ni sahihi, na hapo "to" ni kihusishi kinachofuatwa na jina. "We agree to sell at your price" nayo ni sahihi, na hapo "to" ni alama ya kitenzi, wala hapatakiwi "selling". Kwa hiyo kipimo kinapoanguka, unaweza kukiamini bila wasiwasi: "-ing" haiwezekani. Kinaposimama, mara nyingi "-ing" ndiyo jibu, isipokuwa kwa hivyo vichache kama "agree" na "consent", ambavyo inabidi uvijue kwa majina. "Look forward" haimo miongoni mwao.

Ukitaka kujua kwa nini kosa hili hutushika sisi kwa urahisi hivi, tazama kiambishi chetu "ku-". Kiswahili hutumia umbo moja kwa kazi ambazo Kiingereza kimezigawa. Tunasema "nataka kusikia", tunasema "baada ya kusikia", tunasema "kusikia kwake kumepungua", na mara zote tatu neno ni "kusikia", liwe linafuata kitenzi, liwe linafuata kihusishi, au liwe limekaa mwanzoni kama kiima na kutawala upatanisho wa ngeli yake. Mzungumzaji wa Kiswahili hana haja ya kujiuliza yuko katika nafasi ipi. Mwingereza katika nafasi ya kwanza huandika "to hear", na katika nafasi ya pili "hearing". Kwa hiyo mtu anapofikiri "nina hamu ya kusikia kutoka kwako" na kugeuza kila kipande, "kusikia" humjia kama "to hear", na kwa kuwa "to" tayari imo katika "look forward to", anaona kazi imekwisha. "To" moja imefanywa ibebe mizigo miwili. Kwa mantiki hiyo, kama kweli mtu angetaka kutumia "to hear" baada ya "look forward to", ingembidi aandike "to" mara mbili, jambo ambalo hakuna anayelifanya.

Wala usidhani kwamba "to" hizi zilitoka katika mizizi miwili. Katika Kiingereza cha kale, "to" iliyotangulia kitenzi ilikuwa kihusishi halisi, na kitenzi kilichoifuata kilikuwa na mwisho wake maalumu ulioonyesha kwamba kinatawaliwa na kihusishi hicho. Miisho hiyo ililika na kupotea kwa karne nyingi, "to" ikabaki imeganda mbele ya kitenzi kama alama tupu, huku ndugu yake akiendelea na kazi ya kihusishi hadi leo. Nalo umbo la "-ing" tunalolizungumzia lilianza kama kiambishi cha kuundia majina kutokana na vitenzi, muda mrefu kabla halijawa la kawaida katika kuonyesha tendo linaloendelea. Nayaeleza haya kwa sababu wapo wanaoamini kwamba "hearing" hapa ni mapambo yaliyobuniwa na walimu.

Sasa nije kwenye ujumbe ulionitumia, ambao unafaa sana kwa somo hili kwa kuwa kosa lile halimo katika mstari wa mwisho peke yake. Nauweka kama ulivyoutuma:

```
Dear Sir,
Thank you for contact us. We are interested to supply you honey.
Before to send the sample, we need your full address.
We are used to pack in 20 kg buckets.
Please do not hesitate to contacting me.
Looking forward to hear from you.
```

Anza na "Thank you for contact us". "For" ni kihusishi, na baada yake umeweka kitenzi katika umbo la msingi. Inatakiwa "Thank you for contacting us". Hapa hakuna "to" ya kukuchanganya, na ndiyo sababu nalipenda kosa hili kama mfano: linaonyesha kwamba kanuni ni ya vihusishi vyote kwa jumla, na "look forward to" ni mtoto mmoja tu wa familia hiyo. Katika sentensi ya pili, "interested" hufuatwa na kihusishi "in" unapotaja shughuli unayotaka kuifanya, na "in" hudai kitenzi-jina: "We are interested in supplying you with honey". Hiyo "with" nimeiongeza kwa kuwa "supply" huihitaji kati ya mtu na bidhaa. Katika sentensi ya tatu, "before" imefanya kazi ya kihusishi, na "to" haina nafasi hapo hata kidogo: "Before sending the sample".

Sentensi ya ndoo ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu makosa yale mengine humfanya msomaji akunje uso tu, lakini hili linaweza kugusa mzigo wenyewe. "We are used to" maana yake ni tumezoea, na "to" iliyomo ni kihusishi, kwa hiyo inatakiwa "We are used to packing in 20 kg buckets". Kuna msemo mwingine unaofanana nao kwa sura, "We used to pack", usio na "are", na huo maana yake ni kwamba zamani tulikuwa tukifungasha hivyo na sasa hatufanyi tena. Wewe umeandika nusu ya huu na nusu ya ule. Mteja anayesoma haraka kwenye simu yake anaweza kuruka hiyo "are", akaelewa kwamba mmeacha ndoo za kilo 20, akaanza kuulizia vifungashio vipya ambavyo hamna. Katika ujumbe wa biashara ningekushauri uuache msemo huo kabisa na uandike kwa ufupi "We pack in 20 kg buckets", kwa kuwa mteja hahitaji kujua mmezoea nini. Anahitaji kujua mnafungasha vipi.

Mstari wa tano una kosa la upande wa pili, na nadhani najua lilikotoka. Mtu akishaambiwa kwamba "to" hufuatwa na "-ing", huanza kuitia "-ing" kila anapoiona "to", hata pale ambapo mwanzo alikuwa akiandika vizuri. "Please do not hesitate to contact me" ndiyo sahihi. Pima: "Do not hesitate to it" inaanguka. Ndivyo ilivyo kwa "Feel free to call me", "I am happy to help" na "We are ready to ship". Kero ni kwamba mstari wa "hesitate" na mstari wa "look forward" hupenda kukaa jirani mwishoni mwa ujumbe, mmoja ukidai "contact" na mwingine ukidai "hearing", na jicho likizoea mmoja huuharibu mwingine. Isitoshe, kikagua tahajia cha simu hakitakusaidia hapa, kwa sababu "hear", "hearing", "contact" na "contacting" zote zimeandikwa kwa herufi sahihi. Kosa liko katika uhusiano wa neno na jirani yake.

Ujumbe wako ukirekebishwa bila kubadilishwa makusudio yake, unakuwa hivi:

```
Dear Sir,
Thank you for contacting us. We are interested in supplying
you with honey. Before sending the sample, we need your full
address. We pack in 20 kg buckets.
Please do not hesitate to contact me.
I look forward to hearing from you.
```

Utaona kwamba mstari wa mwisho nimeuanza kwa "I look" badala ya "Looking". Umbo lako, likiwa na "hearing", halina kosa la kumfanya mtu akuhukumu. Katika ujumbe mfupi kwa mteja mliyezoeana "Looking forward to hearing from you" hupita vizuri, kama tunavyoandika "Nasubiri" tukaacha mengine. Hata hivyo halina mtenda wala kitenzi kikuu, na katika ujumbe wa kwanza kwa mtu usiyemjua sentensi kamili ina heshima zaidi. "I look forward" ni rasmi kuliko "I am looking forward", ambayo ina ukaribu na uchangamfu wa mazungumzo. Usichanganye maumbo hayo mawili ukaandika "I am look forward", wala usibadilishe kihusishi ukaandika "looking forward for your reply", kosa ninalokutana nalo mara nyingi sana katika barua za maombi ya kazi. Kishazi hiki hukubali "to" tu. Vilevile "from" isidondoke: "hearing from you" ni kupata habari zako, ilhali "hearing you" ni kuisikia sauti yako kwa masikio.

Baadhi ya watu, wakitaka kuukwepa mtego huu, huandika "I expect to hear from you", kwa kuwa "expect" hudai "to hear" na pia inalingana na "natarajia" yetu. Kisarufi wako sawa, lakini kwa adabu wameteleza. "Natarajia" ya Kiswahili ni laini. "I expect" katika nafasi hii husikika kama bosi anayemwambia mtumishi kwamba jibu ni wajibu wake. Anayetaka kutumia umbo la msingi na awe na heshima, aandike "I hope to hear from you soon".

Na "hear" si kitenzi pekee kinachoweza kukaa hapo. Ukiwa na jambo mahususi unalolingoja, litaje: "We look forward to receiving your address" humkumbusha mteja kwamba mpaka sasa anwani haijafika, jambo ambalo "hearing from you" halimwambii. Mteja akikubali kuja Sikonge kuiona mizinga, andika "We look forward to welcoming you" au, kwa jina la kawaida, "We look forward to your visit". Anayeandika kwa niaba ya kikundi hutumia "we" katika mstari huo, na hutumia "I" pale tu jibu linapomhusu yeye mwenyewe. Pale ambapo huhitaji jibu lolote, kwa mfano unapomjulisha mteja kwamba ndoo zimeshapakiwa na karatasi zake zimetumwa, mstari huo uondoe kabisa na ufunge kwa "Thank you for ordering from us", kwa sababu anayeambiwa kwamba anasubiriwa atabaki akijiuliza ni swali gani ambalo hajalijibu.